Damu ya Kondoo, Damu ya Mtu

Mwaka 1986 nilipangiwa kazi katika maabara ya hospitali ndogo ya upande wa Nyamira. Siku hizo Nyamira ilikuwa bado ni sehemu ya Wilaya ya Kisii, na barabara yetu mvua ikinyesha haikupitika. Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama mashamba ya chai, darubini moja, inkubeta, jokofu, na chungu kikubwa cha mvuke tulichochemshia juu ya jiko la mafuta taa. Mkuu wangu alikuwa mteknolojia wa zamani ambaye sote tulimwita Mzee. Ninayoyasimulia yalitokea katika msimu mmoja wa mvua, na yalihusu akina mama waliopata homa baada ya kujifungua.

Homa ya nifasi wakunga waliijua vizuri. Mama anajifungua salama, siku ya pili anatetemeka, tumbo linauma, na asipotibiwa haraka huweza kufa kabla ya juma kwisha. Mdudu anayeogopwa zaidi katika homa hiyo ni streptokokasi wa kundi A. Huishi kooni mwa watu, tena wengine hawaumwi chochote, na mikono ya mhudumu au kikohozi chake humfikisha kwa mama aliye na kidonda kibichi cha uzazi. Njia ya kumtafuta ilikuwa kuchukua majimaji ya uke kwa usufi, kuyapaka juu ya sahani ya agari iliyochanganywa na damu, kuiweka sahani kwenye joto la nyuzi 35 usiku kucha, na asubuhi kuitazama dhidi ya mwanga.

Sahani hiyo ina maana kwa sababu bakteria wakila na kukua juu yake huziharibu chembe nyekundu za damu, kila aina kwa namna yake. Mjerumani Hugo Schottmüller ndiye aliyeanza, mwaka 1903, kuitumia damu kuwatenganisha streptokokasi, na mwaka 1919 Mmarekani J. H. Brown akazipa namna hizo majina ya alfa, beta na gama. Katika beta, chembe zote zilizo pembeni mwa koloni hupasuka, na panabaki duara safi lililo wazi kiasi kwamba ukiweka maandishi nyuma ya sahani utayasoma. Katika alfa, chembe hazipasuki zikaisha. Bakteria hutoa haidrojeni peroksaidi inayoiunguza himoglobini, na pembezoni mwa koloni hutokea utando wa kijani kilichofifia. Katika gama, koloni inakua na damu iliyo jirani yake inabaki nyekundu vilevile.

Mzee alinifundisha kwamba kuitazama sahani kwa juu hakutoshi. Aliishika kwa ncha za vidole, akaiinua mbele ya dirisha, kisha akaisogeza koloni kando kwa kitanzi cha waya ili aone damu iliyokuwa chini yake. Koloni yenyewe huweza kuficha alama, na duara jembamba la beta mara nyingi huonekana tu baada ya koloni kuondolewa. Vilevile alikuwa akichoma agari mara mbili tatu kwa kitanzi wakati wa kupaka. Streptokokasi wa kundi A hutoa sumu mbili zinazopasua chembe. Moja, streptolisini S, hufanya kazi hata kwenye hewa. Nyingine, streptolisini O, huharibiwa na oksijeni, kwa hiyo hujionyesha pale tu bakteria walipozikwa ndani ya agari. Ukiona chini ya alama ya kuchoma pamekuwa peupe kuliko juu, umepata habari ambayo uso wa sahani usingekupa.

Shida yetu ilikuwa damu yenyewe. Utaratibu tulioukuta ni kutumia damu ya watu: chupa za damu ya kuongezea wagonjwa zilizopita muda wake zililetwa maabara badala ya kumwagwa. Ilikuwa bure na ilikuwa tayari. Lakini damu hiyo imetiwa sitreti ili isigande, pamoja na sukari ya kuzilisha chembe. Streptokokasi wakiipata sukari hiyo hutengeneza asidi, na mpasuko wa chembe hupungua au huchafuka kwa ukijani. Tena aliyetoa damu huenda aliwahi kuugua koo, na damu yake ikabeba kingamwili zinazoizima streptolisini O. Huenda pia alikuwa amemeza dawa. Na kulikuwa na hatari kwetu sisi tuliozimimina chupa hizo kwa mikono mitupu: Ukimwi ulikuwa umeshatambuliwa Kenya tangu 1984, na damu iliyofika mezani kwetu haikuwa imepimwa.

Msimu ule wa mvua wodi ya uzazi ilipata akina mama watatu wenye homa katika muda mfupi. Sampuli zote tatu zilitoa kitu kile kile juu ya sahani zetu: koloni ndogo za kijivu, na kila moja imezungukwa na duara jembamba lisilo safi sana, ambalo mtu angeliandika kuwa beta. Daktari aliwaanzishia wote penisilini ya sindano. Mama wa kwanza na wa pili homa ilishuka. Wa tatu akaendelea kuungua, na tumbo likazidi kuuma.

Daktari alikuja maabara mwenyewe. "Mzee," akasema, "mdudu ni mmoja, dawa ni moja. Mbona huyu mmoja hapati nafuu?"

Mzee akajibu, "Daktari, sahani zinasema ni mmoja. Mimi sina hakika. Nipe siku mbili nizioteshe juu ya damu nyingine."

Kwenye darubini yeye alikuwa ameona tofauti ndogo. Kwa akina mama wawili, baada ya kupaka rangi ya Gramu, bakteria walijipanga kwa minyororo mirefu. Kwa yule wa tatu walikuwa wawiliwawili na minyororo mifupi, tena wamerefuka kidogo. Peke yake hilo halitoshi kuamulia, lakini lilimtosha kutia shaka. Nikatumwa kwa jirani wa hospitali, omogaka aliyefuga kondoo, kuomba damu. Aliuliza swali moja tu, kama kondoo atakufa. Nilimweleza kwamba kondoo mkubwa mwenye afya huvumilia kutolewa mililita mia moja na ushei, na kwamba tutampumzisha majuma kadhaa kabla ya kumrudia. Akakubali. Tukauliza pia kama huyo kondoo alichomwa dawa karibuni, kwa sababu penisilini iliyobaki katika damu yake ingewaua bakteria wetu kabla hatujawaona. Hakuwa amechomwa.

Mzee alimnyoa manyoya upande wa shingo, akapasafisha kwa spiriti na iodini, akaubana mshipa kwa kidole gumba hadi ukavimba, kisha akaingiza sindano nene. Damu ilitiririka kwenye chupa iliyochemshwa ikiwa na shanga za kioo ndani. Hapo kazi ikawa yangu: kuizungusha chupa polepole, bila kusita, kwa muda wa dakika kama kumi. Nyuzi zinazogandisha damu hujikunja kwenye shanga, na kinachobaki ni chembe na maji yake, bila sitreti na bila sukari iliyoongezwa. Mwanzoni shanga hulia kwa sauti kali dhidi ya kioo. Zikishafunikwa na nyuzi sauti inakuwa butu, na hapo unajua damu haitaganda tena. Ukitikisa kwa nguvu badala ya kuzungusha, chembe hupasuka ndani ya chupa, maji yake huwa mekundu, na sahani utakazomimina zitakudanganya tangu mwanzo.

Agari nayo ilikuwa na sharti lake katika nchi yetu ya milima. Vitabu husema ichemshwe kwa mvuke wa shinikizo la pauni 15 kwa dakika 15, ili joto lifike nyuzi 121. Hesabu hiyo ni ya watu wa pwani. Kule juu, futi zaidi ya 6,000 kutoka usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na pauni 15 za kwenye saa ya chungu hazifikishi joto hilo. Kanuni tuliyoifuata ilikuwa kuongeza karibu pauni moja kwa kila futi 2,000, kwa hiyo chungu chetu tulikipandisha hadi 18. Maabara isiyofanya hivyo huweza kuona vimelea sugu vya udongo vikichipua juu ya sahani ambazo hazijapakwa chochote.

Baada ya kuchemka, agari huachwa ipoe hadi nyuzi 50 hivi kabla ya kutiwa damu. Mzee alikuwa akiiweka chupa shavuni: ukiweza kuivumilia bila kuruka, imefaa. Ikiwa na moto zaidi, chembe huiva, na sahani hugeuka rangi ya kahawa. Sahani za namna hiyo zina kazi yake, lakini mpasuko wa chembe hauwezi kusomwa juu yake, kwa kuwa chembe nzima hazipo tena. Ikipoa mno, agari huanza kuganda kwa mabonge. Tulitia mililita 25 za damu kwa kila mililita 475 za agari, yaani asilimia 5, tukamimina sahani zenye kina cha kama milimita 4. Sahani nene huficha mpasuko, kwa sababu chini ya eneo lililo wazi hubaki tabaka la damu lisiloguswa.

Tulizipaka zile koloni za akina mama watatu juu ya sahani mpya, na pembeni yake tukaziotesha tena juu ya sahani ya zamani yenye damu ya watu. Asubuhi Mzee aliziinua dirishani moja baada ya nyingine, bila kusema neno, kisha akanipa mimi nizisome.

Koloni za mama wa kwanza na wa pili zilikuwa zimefungua damu ya kondoo waziwazi. Koloni yenyewe ilikuwa ndogo kuliko kichwa cha pini, na duara lake lilikuwa pana mara kadhaa kuliko koloni, safi, lenye ukingo uliokatika vizuri. Pale tulipochoma agari palikuwa peupe zaidi. Kile kijiduara chembamba chenye ukungu kilichokuwa juu ya damu ya watu kilikuwa kivuli tu cha beta hii.

Koloni za mama wa tatu zilikuwa kubwa kidogo na zenye afya. Damu ya kondoo iliyozizunguka ilikuwa nyekundu kama ilivyomiminwa. Hakuna uwazi, hakuna ukijani. Juu ya damu ya kondoo alikuwa gama, na juu ya damu ya mtu alikuwa beta.

Jambo hilo lina sababu inayojulikana. Enterokokasi, bakteria wa utumbo, baadhi yao hutoa sumu inayopasua chembe za mtu, za farasi na za sungura, lakini za kondoo haiziwezi. Kwa hiyo mdudu mmoja huweza kupewa majina mawili kwa kufuata damu aliyooteshwa juu yake. Umbo lililoko kwenye sahani ni jibu la pande mbili: bakteria aliyepakwa na damu iliyompokea. Asiyejua damu ilitoka wapi anasoma nusu ya jibu.

Hata hivyo, Mzee hakukubali sahani peke yake iamue. Kwanza tulidondoshea haidrojeni peroksaidi juu ya koloni za wote watatu. Hakukuwa na povu, kumaanisha si stafilokokasi, ambaye pia huweza kufungua damu kwa beta. Kipimo hicho kina mtego wake: ukikwangua koloni pamoja na agari, chembe za damu zenyewe zitatoa povu, nawe utafikiri ni bakteria. Ndiyo maana koloni huchukuliwa kwa juu tu, kwa ncha ya kijiti. Halafu tuliweka kidonge cha basitrasini, chenye uniti 0.04, juu ya mstari wa bakteria waliopakwa wakiwa safi. Bakteria wa mama wa kwanza na wa pili walishindwa kukaribia kidonge, kama kundi A anavyofanya. Wale wa mama wa tatu walikigusa kidonge bila kujali, wakaota katika mchuzi wenye chumvi ya asilimia 6.5, na wakaifanya agari ya nyongo na eskulini kuwa nyeusi. Alikuwa enterokokasi.

Basitrasini si hakimu wa mwisho. Wapo streptokokasi wachache wa makundi mengine wanaozuiwa nayo, na kundi B, anayewaua watoto wachanga, hufungua duara jembamba la beta lakini kwa kawaida kidonge hakimzuii. Makundi hayo Rebecca Lancefield ndiye aliyeyatenganisha kwa seramu mwaka 1933, na sisi seramu hizo hatukuwa nazo. Kwa hiyo kwenye karatasi Mzee aliandika kwa uangalifu: streptokokasi wa beta, yaelekea kundi A.

Majibu hayo yalibadilisha mambo mawili wodini. La kwanza lilimhusu mama wa tatu. Enterokokasi penisilini humzuia asikue, lakini peke yake humuua kwa shida. Zaidi ya hapo, mdudu wa utumbo akipatikana ukeni baada ya kujifungua huenda ni mpita njia tu na si chanzo cha ugonjwa. Daktari aliposoma karatasi aliacha kumtafuta streptokokasi na akamchunguza mama upya. Akakuta kipande cha kondo la nyuma kimebaki ndani na kimeoza. Kikatolewa, akapewa ampisilini pamoja na jentamisini na metronidazoli, na homa ikakatika. Laiti tungeendelea kuandika beta, angeendelea kupewa penisilini ileile huku kipande kikioza.

La pili liliwahusu wawili wa kwanza. Akina mama wawili wa wodi moja kupata kundi A ndani ya juma moja si jambo la kupita hivi hivi, kwa sababu mdudu huyo hatoki utumboni mwa mama, huletwa. Sista msimamizi wa wodi alikubali wahudumu wote wachukuliwe usufi wa koo, akaanza na yeye mwenyewe. Hapa pia damu ya kondoo ilitufaa. Kooni mwa watu huishi bakteria mwingine, himofilasi mpasua-damu, anayefungua duara la beta juu ya damu ya watu na kufanana sana na streptokokasi. Juu ya damu ya kondoo kwa kawaida haoti vizuri. Kwenye sahani za zamani tungekuwa na washukiwa wengi wasio na hatia.

Sahani za koo zilikuwa za kijani karibu zote. Hao ni streptokokasi wa alfa wanaoishi mdomoni mwa kila binadamu, na alfa ya kooni haiandikwi kwenye majibu. Mahali sampuli ilipotoka nako ni sehemu ya kusoma. Ukijani uleule ukiotea kutoka kwenye maji ya uti wa mgongo wa mtoto mwenye degedege na shingo ngumu ni habari nyingine kabisa: unatafuta koloni zilizobonyea katikati, unaweka kidonge cha optokini, na duara likifikia milimita 14 ndani ya mtungi uliowashwa mshumaa, una numokokasi mkononi na unamkimbilia daktari. Watoto wa namna hiyo tuliwaona wengi kabla ya chanjo ya numokokasi kuingia Kenya mwaka 2011.

Katikati ya ukijani wote ule, sahani ya mhudumu mmoja ilijaa madirisha ya beta, mapana na safi, na kidonge cha basitrasini kiliwazuia. Hakuwa mgonjwa wala hakujua. Sista alizungumza naye faraghani, akapewa penisilini, akaondolewa kwenye chumba cha kuzalishia hadi sahani ya pili ilipotoka bila beta. Kwa vipimo tulivyokuwa navyo hatukuweza kuthibitisha kwamba streptokokasi wake ndiye yule wa akina mama. Lakini katika msimu ule beta haikuonekana tena wodini.

Kuanzia hapo chupa za damu ya watu hazikuletwa tena mezani kwetu. Kila sahani iliandikwa chini yake jina la mnyama, asilimia ya damu na tarehe ya kumiminwa. Kila mmimino mpya ulipakwa kwanza streptokokasi wa kundi A na numokokasi tuliowahifadhi, na kama wa kwanza hakufungua duara pana, au wa pili hakutoa ukijani, mmimino wote ulitupwa. Damu ya kondoo ilipokuwa jokofuni kwa majuma mawili na maji yake yakaanza kuwa mekundu, nayo ilimwagwa.

Bado zipo maabara katika nchi zetu zinazomimina sahani kwa damu ya watu iliyopita muda, kwa sababu kondoo wa kutolewa damu ni kazi na sahani za kununua ni ghali. Nikikutana na vijana wanaofanya kazi humo huwaomba wafanye lile alilonifundisha Mzee: wamtafute kondoo mmoja, wapate shanga za kioo, wapake bakteria wale wale juu ya damu zote mbili, wazishike sahani mbele ya dirisha, kisha waandike kwenye karatasi ya majibu ni damu ya nani waliyoisoma.